Nguzo ya kati ikititia: kusoma nyufa za bimu na kutafuta riaksheni mpya

Nguzo ya kati ikishuka, mtu wa kwanza kuitwa huwa fundi, na fundi huanza kuitazama nguzo iliyoshuka. Ataikagua zege yake, atagonga plasta, atapendekeza iongezwe unene. Mara nyingi ile nguzo ni nzima kabisa. Kilichoumia kiko mita mbili au tatu pembeni, chini ya tumbo la bimu, mahali ambapo hakuna aliyeinua kichwa kuangalia.

“Sasa injinia, si imeshuka kwa sababu mzigo umezidi hapo? Basi hapo ndipo pa kuimarisha.” Swali hili nimeulizwa na mafundi wazuri tu, na nusu ya kwanza ni kweli. Ila baada ya kushuka, mzigo wa nguzo ile unapungua. Bimu ni kipande kimoja kinachopita juu ya nguzo zote tatu, na ina ukakamavu wake. Egemeo la kati likiikimbia, bimu haianguki nalo, bali inajishikilia kwa nguzo za pembeni. Nguzo ya kati inapumzika, za pembeni zinabebeshwa zaidi, na tumbo la bimu katika kila spani, yaani kipande cha kati ya nguzo na nguzo, linavutwa kuliko lilivyopangiwa.

Nitatumia jengo moja la mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni fremu mbili za maduka zilizojengwa bondeni Kigogo, kuelekea Mto Msimbazi, zenye ghorofa moja juu. Mbele kuna bimu ya zege ya upana wa milimita 250 na kina cha 500, inayopita juu ya nguzo tatu: A kushoto, B katikati, C kulia. Kila spani ni mita 5. Uzito wa slabu, ukuta wa tofali ulio juu yake, watu na bimu yenyewe unafika kN 30 kwa kila mita, yaani kama tani 3 kwa mita.

Dalili: nyufa za wima chini ya bimu, katikati ya spani

Hii ndiyo dalili inayoonekana mapema, na pia ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu ina washukiwa watatu. Wa kwanza ni mzigo kuzidi: mwenye nyumba ameweka tangi la maji juu, au duka la juu limegeuzwa stoo ya saruji. Wa pili ni nondo za juu kukosekana pale juu ya nguzo B. Wa tatu ni nguzo B kutitia. Wote watatu wanapasua bimu upande wa chini katikati ya spani, kwa hiyo ukitazama chini peke yake hutawatofautisha.

Panda juu. Fika pale bimu inapopita juu ya nguzo B, bandua plasta au sakafu kwa kiasi cha kiganja, na utazame uso wa juu wa zege. Bimu inayopita juu ya nguzo ikiwa inafanya kazi yake inavutwa upande wa juu hapo, kwa hiyo mzigo ukizidi, huo upande wa juu nao utapasuka pamoja na matumbo ya spani. Kama nondo za juu zilisahaulika au zilikatwa fupi, utakuta ufa mmoja mpana, umesimama wima juu ya nguzo, na unaendelea kushuka ndani ya bimu. Kama nguzo imetitia, utakuta kinyume chake: juu ya B zege imetulia, au kuna ufa mwembamba wa zamani uliojifunga, huku tumbo la spani likiwa limefunguka. Kutitia kunapunguza mvutano wa juu ya B na kuuhamishia chini ya spani. Hakuna mshukiwa mwingine anayefanya hivyo huku juu ya B pakibaki bila ufa uliofunguka.

Mahali pa ufa wa chini napo panasema kitu. Katika bimu yetu ya mfano, nguzo zikiwa sawa, mvutano mkubwa wa tumbo uko mita 1.9 hivi kutoka nguzo ya pembeni. B ikishuka, unahama kuelekea B, hadi mita 2.2 au hata 2.5. Sitaki mtu aamue kwa kigezo hiki peke yake, maana nondo na ringi huvuta ufa kwenye mistari yao, lakini kikikubaliana na hali ya juu ya B kinaongeza uzito.

Ukuta wa tofali uliojazwa kati ya nguzo pia ni shahidi mzuri. B ikishuka, ukuta wa kila upande unapasuka kwa mshazari, na ufa unapanda ukielekea nguzo iliyoshuka. Ukisimama barabarani utaona nyufa mbili zinazoinuka kukutana upande wa B kama paa la nyumba. Zikiwa zinapanda kuelekea nje, basi kilichoshuka ni nguzo za pembeni, na tatizo lako ni jingine.

Halafu kuna dalili ya hatari zaidi: ufa wa wima upande wa chini wa bimu, sentimita chache kutoka uso wa nguzo B. Hapo momenti, yaani nguvu inayoikunja bimu, imegeuka. Sehemu iliyopangiwa kuvutwa juu sasa inavutwa chini, mahali ambapo mafundi wengi huunganisha nondo za chini kwa urefu mfupi, wakiamini hazina kazi pale. Ukiuona ufa huo, weka propu kwanza, hesabu baadaye.

Je, imeshuka kweli, na kwa kiasi gani?

Kabla ya hesabu unahitaji namba moja, nayo si jumla ya B ilivyoshuka. Jengo zima likishuka milimita 20 kwa pamoja, bimu haijui lolote. Hata B ikishuka wakati A na C zinashuka kwa viwango tofauti, mwinamo wa jumla nao hauikunji bimu. Kinachoikunja ni B kuachwa chini ya mstari ulionyooka kutoka A hadi C. Kwa spani zinazolingana, chukua mshuko wa B, toa wastani wa A na C. Tuseme A imeshuka 6, C imeshuka 4, na B 15. Wastani wa pembeni ni 5, kwa hiyo kutitia kunakohusika ni milimita 10, si 15. Nimeona hesabu nzuri za kurasa kadhaa zikiharibika kwenye mstari huu wa kwanza.

Kupima kunawezekana hata kwa mpira wa maji unaoonyesha, ule wa mafundi, ukihakikisha hauna mapovu na umepoa kivulini. Kwa uangalifu utapata usahihi wa milimita 2 au 3. Mashine ya levo ni bora zaidi. Pima chini ya bimu kwenye uso wa kila nguzo, usipime katikati ya spani, kwa sababu pale bimu imelala kidogo kwa uzito wake yenyewe.

Sasa, umekuta B iko chini milimita 10. Nani alisema ilikuwa sawa siku ya kumwaga zege? Mbao za bimu zinaweza kukosewa kwa kiasi hicho bila mtu kushtuka. Njia ya kutenganisha ni kupima pia kitu kilichonyooshwa baadaye: mstari wa vigae vya sakafu ya juu, au kingo za chini za madirisha. Fundi vigae hufuata levo yake, hafuati kosa la bimu. Kama mstari wa vigae nao umeshuka milimita 10 pale B, basi kushuka kulitokea baada ya vigae. Kama vigae viko sawa na bimu pekee ndiyo imeinama, unachokiona ni kosa la mbao, na mzigo unaobebwa na kila nguzo haujabadilika hata kidogo, kwa sababu bimu ilimwagwa ikiwa na umbo hilo.

Kisha bandika kipande chembamba cha kioo kwa jipsamu kukatiza ufa, andika tarehe, na weka alama za kudumu kwenye nguzo. Dar es Salaam inakusaidia hapa. Masika ya Machi hadi Mei yakipita, na vioo havijapasuka wala alama hazijahama, kutitia kumesimama au karibu kusimama. Kioo kikipasuka ndani ya wiki za mvua, tafuta maji yanakoingilia.

Kutafuta riaksheni mpya

Riaksheni ni nguvu ambayo nguzo inairudishia bimu kuelekea juu. Hapa ziko tatu na milinganyo ya usawa haitoshi kuzipata, kwa sababu mgawanyo unategemea bimu inavyokunjika. Njia iliyo wazi zaidi kwangu ni kuiondoa nguzo B kwa fikra tu. Unabaki na bimu ya mita 10 inayoegemea A na C, na katikati yake inaanguka kwa 5w(2L)⁴/384EI, w ikiwa mzigo kwa kila mita, L urefu wa spani moja, E ugumu wa zege yenyewe, na I kipimo cha ukakamavu unaotokana na upana na kina cha bimu. Sasa irudishe B kama nguvu inayosukuma juu. Nguvu R ikiwa katikati ya urefu wa 2L inainua bimu kwa R(2L)³/48EI. Nguzo ikiwa haijashuka, R lazima iinue bimu hadi kuondoa anguko lote. Nguzo ikiwa imeshuka kwa δ, R inainua anguko lote kasoro δ. Huo ndio ujanja wote. Ukipanga, unapata:

```
R_B       = 5wL/4  - 6EIδ/L³
R_A = R_C = 3wL/8  + 3EIδ/L³
M_B       = -wL²/8 + 3EIδ/L²
```

Alama ya kutoa kwenye M_B ina maana ya kuvutwa upande wa juu. Angalia kwamba kila fomula ina vipande viwili, cha mzigo na cha kutitia, na kipande cha pili hakina w ndani yake. Kutitia kwa milimita 10 kunaondoa kiasi kilekile kwenye B, duka likiwa tupu au limejaa.

Tuweke namba. Kwanza kabla ya kutitia: B inabeba 1.25 × 30 × 5 = kN 187.5, na A na C kila moja 0.375 × 30 × 5 = kN 56.25. Jumla ni 300, sawa na mzigo wote wa mita 10. Momenti juu ya B ni kN·m 93.75, upande wa juu. Momenti kubwa ya tumbo ni R_A²/2w, yaani 52.7.

Sasa δ ya milimita 10. I ya bimu nzima ni 0.25 × 0.5³/12 = m⁴ 0.0026. Nikichukua E ya zege kuwa GPa 28, EI inakuwa karibu kN·m² 72,900. Kipande cha kutitia kwenye B ni 6 × 72,900 × 0.010/125 = kN 35. Basi B inashuka hadi 152.5, na kila nguzo ya pembeni inapanda hadi 73.75. Jumla bado 300. Momenti juu ya B inabaki 6.25 tu, karibu imefutika, na ya tumbo inaruka kutoka 52.7 hadi 90.7.

Milimita 10 zimefuta momenti nzima ya nguzo ya kati! Mtu akiona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea desimali. Hajakosea desimali, lakini amechagua EI isiyo ya bimu hii, na hapo ndipo penye kazi kubwa.

EI ipi?

Ile 72,900 ni ya zege isiyopasuka na mzigo wa ghafla. Bimu yetu ingepasuka ikifikishwa kwenye momenti ya kN·m 27 hivi, na mzigo wa kawaida peke yake unaipa 93.75 juu ya B. Kwa hiyo imeshapasuka tangu siku ya kwanza, nyufa nyembamba zisizo na madhara, na ukakamavu wake umepungua hadi kama nusu. Kwa nusu hiyo, kutitia kunaondoa kN 17.5 kwenye B badala ya 35.

Kuna jambo la pili. Nguzo haitoweki usiku mmoja. Inashuka kwa miezi na miaka, na zege iliyo chini ya mzigo wa kudumu hunyooka polepole na kujilegeza. Mkunjo ulioingia taratibu unapoteza nguvu yake ukiendelea kukaa. Kwa kutitia kwa polepole mimi hutumia takriban theluthi ya EI ya mwanzo, na hapo upungufu wa B unakuwa karibu kN 12. Hii ni makadirio, kwa sababu wingi wa nondo na umri wa zege vinaingilia, lakini inaeleza kwa nini majengo mengi ya mabondeni yameshuka milimita nyingi na bado yamesimama.

Kwa hiyo sitoi jibu moja, natoa mpaka wa juu na wa chini. Kwa milimita 10, riaksheni ya B iko kati ya 152.5, ambayo ndiyo mbaya kupita kiasi, na 175.8 kwa kutitia kwa taratibu. Ikiwa ilishuka haraka, mathalani baada ya mafuriko kuchimbua chini ya besi, yaani msingi wa nguzo, nakaa kwenye nusu: B 170, A na C 65 kila moja, momenti ya juu ya B ni 50, ya tumbo 70.4. Hiyo ya tumbo imepanda kwa theluthi moja. Bimu haianguki kwa hilo peke yake, kwani viwango vya usanifu vina akiba inayozidi hapo, ila akiba imeliwa na kitu ambacho hakipo kwenye michoro. Mkazo wa kukata karibu na A na C nao umepanda kwa asilimia 16, kwa hiyo kagua kama ringi za mwisho wa bimu ziliwekwa karibu karibu au fundi alizitandaza.

Momenti juu ya B inageuka upande pale δ inapofika wL⁴/24EI. Kwa EI nzima ni milimita 10.7, kwa nusu ni 21, kwa theluthi ni 32. Ukiona ule ufa wa chini pembeni ya B nilioutaja mwanzo, na vipimo vyako vinasema milimita 12 tu, basi kutitia kulikuwa kwa ghafla kuliko ulivyoambiwa, au vipimo vina kosa.

Fundi atakushauri uongeze kina cha bimu ili iwe imara. Kwa mzigo, sawa. Kwa kutitia, unaongeza tatizo: bimu ya kina cha 600 ina I kubwa mara 1.73 kuliko ya 500, na milimita zilezile 10 zitaondoa kN 30 kwenye B badala ya 17.5. Bimu nyembamba hufuata udongo, bimu nene hugombana nao.

Hesabu ikitoa majibu ya ajabu

Riaksheni ya B ikitoka hasi, angalia vipimo kwanza. Mara nyingi δ imewekwa 10 badala ya 0.010 huku L ikiwa kwa mita. Kama vipimo viko sawa na bado ni hasi, hesabu inadai nguzo iivute bimu chini. Nguzo ya tofali isiyofungwa haivuti. Katika hali hiyo bimu imeachana na nguzo, R_B ni sifuri, na A na C zinabeba 150 kila moja. Kwa EI nzima bimu yetu ingefika hapo kwenye milimita 54, lakini tumbo lingekuwa na momenti ya 375, kwa hiyo ingeshavunjika kabla hujamaliza kuhesabu.

Jumla isipokuwa 300, kuna alama ya kuongeza au kutoa iliyogeuzwa. Kutitia hakuongezi wala hakupunguzi mzigo wote, kunauhamisha tu. Hata hivyo jumla sahihi haitoshi, kwa sababu ukigeuza alama zote mbili kwa pamoja jumla itabaki 300 na B itaonekana kubeba zaidi. Jiulize tu: je, nguzo iliyoshuka imepungukiwa mzigo? Kama sivyo, rudi nyuma.

Spani zisipolingana, usitumie fomula za juu. Kipande cha kutitia kwenye B kinakuwa 3EIδ(a + b)/(a²b²), a na b zikiwa urefu wa spani mbili, na nguzo ya spani fupi ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya kilichoachwa na B.

Na kama ulipopanda juu ulikuta ule ufa mpana wa nondo zilizokosekana, funga daftari. Bimu hiyo imeshakuwa bimu mbili zinazojitegemea. B inabeba 150, A na C 75 kila moja, na B ikishuka zaidi vipande vinainama tu bila riaksheni kubadilika.

Kwa nini ni ya kati iliyoshuka

Tazama tena riaksheni za mwanzo: 187.5 dhidi ya 56.25. Nguzo ya kati inabeba mara tatu na theluthi ya mzigo wa nguzo ya pembeni, na bado besi zote tatu zilichimbwa mita 1 kwa mita 1 kwa sababu fundi alikuwa na fremu moja ya vipimo. Chini ya A kuna msukumo wa kN 56 kwa mita ya mraba, chini ya B 187.5. Udongo laini wa mfinyanzi au tope la mto kwa kawaida hauaminiwi zaidi ya 75. Besi za pembeni ziko salama, ya kati haikuwahi kuwa salama. Ili B iwe na msukumo sawa na wenzake, besi yake ilipaswa kuwa karibu mita 1.8 kwa 1.8.

Ongeza hapo bomba la paa, ambalo kwa sababu za urembo huteremshwa nyuma ya nguzo ya kati na kumwaga maji mguuni pake, na umepata kisa kizima. Kabla ya jeki, kabla ya zege, hamisha maji hayo. Huenda kushuka kukasimama hapohapo, hasa kwa kuwa B kila ikishuka inapunguziwa mzigo.

Kuinua, na kuchimba chini ya besi

Ukiamua kuinua B kwa jeki, usilenge kurudisha milimita zote 10. Kushuka kulikuwa polepole na kuliondoa kN 12 kwenye riaksheni. Kuinua ni kwa haraka, na bimu inajibu kwa ukakamavu wa haraka: milimita 10 zitarudisha kN 17.5. B itafika 193, na momenti ya juu ya B itakuwa 108, zaidi ya 93.75 ya mwanzo. Utafunga nyufa za chini na kufungua za juu. Riaksheni ya mwanzo inakuwa imesharudi kwenye milimita 6 au 7. Simama hapo, hata kama mwenye nyumba anataka levo inyooke kabisa. Soma geji ya jeki pamoja na milimita, na ikikuonyesha mzigo unapanda haraka kuliko kN 1.75 kwa kila milimita, bimu yako ni kakamavu kuliko ulivyokadiria, kwa hiyo simama mapema zaidi.

Kama kazi ni kupanua besi, kumbuka kwamba ukichimba chini yake unaiondoa nguzo B kweli, si kwa fikra tena, na bimu inabaki na mita 10. Propu ziwekwe kabla ya jembe la kwanza, pande zote mbili za B, zikibana karibu na nguzo. Usiziweke katikati ya spani na kuzikaza, maana pale juu hakuna nondo za kutosha kupokea mvutano. Mzigo wa kuzipokeza ni kN 176, tani 18 hivi. Propu ya chuma ya kawaida ikirefushwa hadi mita 3 hubeba kama tani 1.5 hadi 2, kwa hiyo unahitaji zisizopungua sita kila upande, juu ya mbao nene zinazotandaza mzigo mbali na ukingo wa shimo. Mirunda iache kwa ajili ya slabu mpya.